Paa la Mwalimu wa Mikindani: makuti, bati, vigae au zege kwa miaka thelathini

Nyumba yenyewe iko Mikindani, Mtwara, mita kama 300 kutoka ufukweni, upande ambao upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Ni ya mwalimu mstaafu. Kuta za tofali za saruji zilikuwa zimekwisha kufungwa mkanda, kiinua mgongo kimeingia benki, na ndugu wamegawanyika. Kaka yake alitaka vigae kwa sababu aliviona kwenye majengo ya misheni vikiwa vimedumu kuliko waliovipanga. Kijana wake aliye Dar es Salaam alitaka zege, ili siku moja apandishe ghorofa. Mama mkubwa alisema makuti ndiyo nyumba baridi, na hakutaka kusikia lingine. Mwalimu mwenyewe alikuwa na bei ya bati mfukoni.

"Wewe niambie tu lipi rahisi," aliniambia.

"Rahisi leo au rahisi mpaka wajukuu wamalize shule?"

"Mimi sina mshahara tena. Hesabu mpaka wajukuu."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililoamua namna ya kupiga hesabu. Tukachukua miaka 30, tukaandika kila shilingi itakayopanda juu ya nyumba ile: ya kuezeka mara ya kwanza, ya kuziba kila mwaka, ya kuezua na kuezeka upya. Kisha tukazirudisha fedha za miaka ya mbele kwenye thamani ya leo, maana milioni utakayoilipa baada ya miaka kumi si mzigo sawa na milioni unayoitoa leo. Kiwango nilichotumia ni asilimia 8 kwa mwaka, baada ya kutoa mfumuko wa bei. Kwa kiwango hicho, milioni moja ya mwaka wa 10 ni sawa na shilingi 463,000 za leo, na milioni ya mwaka wa 20 ni kama 215,000 tu. Bei zote zilizomo humu ni za kufanyia hesabu ya nyumba hii. Anayetaka kurudia aweke za fundi wake na duka lake.

Jambo la kwanza ambalo watu hulisahau ni kwamba paa nne juu ya nyumba moja hazina ukubwa mmoja. Kuta za mwalimu ni mita 8 kwa 11. Ukiongeza upenu wa sentimita 60 kila upande unapata mita za mraba 112 zikipimwa chini. Makuti yanataka mwinuko wa nyuzi 45, la sivyo maji hayakimbii na kuti linaoza kabla ya wakati. Kwa mwinuko huo paa linakuwa mita za mraba 159. Vigae vinatosheka na nyuzi 30, ambazo ni mita 130. Bati kwa nyuzi 20 ni mita 119. Zege lililolala, likiwa na upenu mfupi wa sentimita 30, ni mita 100. Kwa hiyo anayelinganisha bei kwa mita ya mraba amekwisha kujidanganya: makuti yana mita 59 zaidi ya zege juu ya vyumba vilevile.

Tuanze na makuti. Kuti lenye upana wa sentimita 75, likipangwa kila sentimita 12, linahitaji kama makuti 11 kwa mita moja ya mraba. Paa zima ni makuti 1,800 kwa kukadiria. Kwa shilingi 500 kila moja, pamoja na fundi na kamba, kuezeka ni milioni 1.4, nguzo na fito za mara ya kwanza ni milioni 1.2. Jumla milioni 2.6, na hakuna paa lingine linaloikaribia. Lakini makuti ya pwani nimeyahesabia miaka minne. Baada ya hapo yamekuwa meusi, mepesi, na ukisimama ndani mchana unaona nuru. Ndani ya miaka 30 utaezeka tena mara saba, utabadilisha fito mara mbili, na kila mwaka utaziba hapa na pale kwa shilingi 60,000 hivi.

Ukijumlisha bila kurudisha thamani, makuti yanafika milioni 15.4. Ukirudisha kwa asilimia 8 yanashuka hadi milioni 7.0, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha inatoka mbali huko mbele. Tofauti hiyo ya nambari mbili ndiyo siri ya makuti: ni paa la mtu mwenye fedha ndogo leo na uhakika wa fedha ndogo tena kila msimu. Mwenye mikorosho Tandahimba anayelipwa kila mwisho wa mwaka anaweza kuishi hivyo. Mwalimu mwenye kiinua mgongo kilichokuja mara moja hawezi.

Kuna na jambo la bei ya kuti lenyewe. Minazi ya pwani yetu imeumizwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, na mnazi uliokufa hautoi kuti. Nikiweka shilingi 1,000 badala ya 500, thamani ya leo ya makuti inapanda kutoka milioni 7.0 hadi 10.1. Hapo ubingwa wake umekwisha.

Sasa bati, ambalo ndilo linalowaliza watu wengi wa pwani, kwa sababu maduka yanauza geji wala hayauzi umri.

Geji ni unene wa chuma: geji 30 ni takriban robo ya milimita, geji 28 ni nene zaidi kidogo. Lakini kinachopambana na bahari kwanza ni ngozi ya zinki iliyo juu ya chuma. Bati la zinki la gramu 100 kwa mita ya mraba (na hizo gramu 100 ni za pande zote mbili kwa pamoja) lina mikroni kama 7 tu kila upande. Kiwango cha kimataifa ISO 9223 kinapanga hewa kwa ukali wake. Katika daraja C4, hewa ya pwani yenye chumvi ya wastani, zinki inaliwa mikroni 2.1 hadi 4.2 kwa mwaka. Katika C5, penye chumvi kali, hadi mikroni 8.4. Gawanya 7 kwa 3 uone: kinga inakwisha baada ya miaka miwili na ushei, na kinachofuata ni chuma chembamba peke yake. Mengi ya mabati ya bei ya chini yana zinki pungufu hata ya hizo gramu 100.

Sikutaka kumwachia mwalimu nadharia. Tulitembea mtaani kwake tukatafuta paa la geji 30 ambalo mwenyewe anakumbuka mwaka wa kuezeka. Lilikuwepo la jirani, la miaka saba. Kwa mbali lilionekana jekundu tu, na watu hudhani kutu ya juu ndiyo ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa chini ya upenu. Pale mvua haifiki, chumvi haioshwi, inakaa mwaka mzima ikivuta unyevu wa usiku. Ukibonyeza kwa kidole gumba bati linaitikia kama karatasi. Sehemu nyingine ni pale mabati yanapolaliana na kuzunguka matundu ya misumari. Anayekagua paa la pwani aanzie huko, mgongoni mwa bati atafika baadaye.

Geji 30 kwa nyumba hii: mabati milioni 1.7, mbao za kenchi na papi milioni 2.8, misumari na kofia 400,000, fundi 900,000. Jumla milioni 5.8. Kila ukiezua na kuezeka upya, kenchi zikiwa zimebaki nzima, ni milioni 2.9. Geji 28 ya aluzinki, yaani yenye ngozi ya alumini na zinki pamoja, na rangi juu yake: mabati milioni 3.4, mbao zilezile 2.8, skrubu zenye raba na kofia 700,000, fundi milioni moja. Jumla milioni 7.9. Bati hili nimelihesabia miaka 22, kwa masharti ya kubadilishiwa skrubu mwaka wa 10, kupakwa rangi mwaka wa 15, na kuoshwa upenu kwa maji yasiyo na chumvi kila kiangazi. Kuliezeka upya mwaka wa 22 ni milioni 4.9.

Nilitarajia geji 28 ishinde kirahisi. Haikushinda hivyo. Ikiwa geji 30 inadumu miaka 10, thamani yake ya leo ni milioni 8.1 dhidi ya 9.7 za geji 28. Bati jembamba linashinda. Ikidumu miaka saba, inabidi iezekwe upya mara nne, mwaka wa 7, 14, 21 na 28, na inafika milioni 9.7, yaani sare kamili. Kwa hiyo swali lote la geji, kwa nyumba hii na kwa bei hizi, limekaa kwenye mwaka wa saba. Bati jembamba likivuka hapo, nunua jembamba. Lisipovuka, unalipa zaidi na bado unahamisha vitanda kila linapoezuliwa. Paa la jirani lilikuwa limekwisha kujibu.

Halafu kuna kile kiwango cha asilimia 8. Kinamfaa anayefanya biashara, anayejua milioni yake akiizungusha inazaa. Kwa mstaafu ambaye fedha yake itakaa benki au itapungua kwa harusi na misiba, nilishuka hadi asilimia 4. Kwa kiwango hicho geji 30 ya miaka saba inagharimu milioni 12.4 na geji 28 milioni 11.5. Karibu milioni nzima, na yote inatokana na kutopanda juu mara nne akiwa mzee.

Vigae sitavichelewesha. Kigae chenyewe ndicho bora kuliko vyote mbele ya chumvi, kwani udongo uliochomwa vizuri hauna kutu. Ila kigae hakikai hewani. Vigae 15 kwa mita ya mraba vina uzito wa kilo 40 hadi 45, hivyo paa la mwalimu lingebeba tani tano na nusu, mahali ambapo mabati yote hayafiki nusu tani. Kenchi zinasogezwa kutoka mita 1.2 hadi sentimita 60, na mbao zinapanda hadi milioni 5.5. Ongeza vigae 2,150 pamoja na vya kuvunjika njiani (milioni 4.3), usafiri 1.5, papi na vigae vya kofia 1.5, na fundi anayejua kazi hiyo 2.2. Ni milioni 15 kabla hujala chakula. Thamani ya leo ya miaka 30 ni milioni 16. Na kinachokufa kwanza ni mbao: mchwa wa huku hausubiri, na kigae kizima kwenye papi iliyoliwa ni tofali lililoning'inia juu ya kitanda. Kaka mtu alisema sawa, lakini mwaka wa 30 vigae vitakuwa bado vipo. Ni kweli. Vitakuwa na nusu ya umri wao, na hiyo ni mali. Ila thamani ya leo ya mali ya mwaka wa 30, kwa asilimia 8, ni senti kumi kwa kila shilingi.

Zege lilikuwa na hoja tofauti, nalo lilinichukua muda mrefu zaidi mezani, kwa kuwa kijana wa Dar alikuwa na jibu zuri: kiwanda cha Dangote kiko hapahapa Mtwara, saruji haitoki mbali. Ndiyo, lakini saruji ni sehemu ndogo. Slabu ya sentimita 15 juu ya mita 100 ni mita za ujazo 15, mifuko kama 105, shilingi milioni 1.8. Nondo peke yake ni milioni 3.8. Kokoto na mchanga 1.4, fomu na mirunda 2.0, mafundi 2.5, tabaka la kuzuia maji 2.5. Na tani 36 hazikai juu ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya bati: nguzo, mihimili na msingi wa ziada niliviweka milioni 6, na hapo nilikuwa mpole, maana msingi ulikwisha kuchimbwa. Jumla milioni 20. Kwa miaka 30, ukirudia tabaka la maji kila miaka kumi, thamani ya leo ni milioni 22.1.

Hesabu ilipangika hivi, kwa milioni za shilingi:

| Paa | Kuanzia | Jumla ya miaka 30 | Thamani ya leo (8%) |
|---|---|---|---|
| Makuti | 2.6 | 15.4 | 7.0 |
| Bati geji 30, likidumu miaka 7 | 5.8 | 18.3 | 9.7 |
| Bati geji 28 la aluzinki | 7.9 | 15.3 | 9.7 |
| Vigae | 15.0 | 18.0 | 16.0 |
| Zege | 20.0 | 26.2 | 22.1 |

Na hiyo milioni 22.1 ni ya zege lililofanywa sawasawa. Tatizo la zege la pwani ni kwamba ubaya wake hauonekani siku ya kumwaga. Nondo inahitaji kufunikwa na zege zito lisilopungua sentimita 4 penye hewa ya chumvi. Mafundi wengi huweka nondo juu ya vijiwe, fomu ikitikisika inalala chini, na unabaki na sentimita moja na nusu. Ukiongeza mchanga uliochotwa ufukweni, umeiingiza chumvi ndani ya zege kwa mkono wako mwenyewe. Nondo ikianza kutu inavimba, na zege la chini linapasuka kwa mstari ulionyooka unaofuata nondo, lenye doa la kahawia. Kabla ya hapo, gonga dari kwa mpini wa nyundo: palipo pazima panalia kwa sauti kali, palipoachana pana sauti tupu. Kupaka plasta juu ya ufa huo ni kuuficha tu, maana kutu inaendelea ndani.

Joto nalo lina bei yake. Zege la Mtwara linalokaa juani kutwa linarudisha joto chumbani usiku, saa zilezile mtu anazotaka kulala. Kwa hilo mama mkubwa alikuwa na haki: makuti ndiyo yenye baridi. Bati tulilipunguzia makali kwa rangi nyeupe, dari, na matundu ya hewa kwenye pembetatu za ukuta.

Lililoyatoa makuti kwenye mashindano si fedha peke yake. Ni moto, kwa kuwa jiko la nyumba hii liko futi chache kutoka upenu, na ni maji. Paa gumu la mita 112, kwa mvua ya milimita 900 na ukipoteza moja ya tano, linakusanya lita 80,000 kwa mwaka. Huwezi kuzihifadhi zote, kwani mvua yetu inakuja msimu mmoja, lakini simtanki la lita 5,000 linajaa tena na tena kuanzia Desemba. Maji ya makuti ni ya kahawia, yana takataka, na hakuna anayeyanywa. Mwalimu alisema hilo peke yake lingemtosha.

Upepo ulibaki. Watu wa hapa husema vimbunga ni vya Msumbiji, lakini Aprili 1952 kimbunga kilitua karibu na Lindi, Aprili 2019 Kenneth kilipiga Cabo Delgado ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya kilifika pwani yetu. Bati halibebwi na upepo kwa sababu ni jembamba. Linabebwa kwa sababu kenchi imepigiliwa juu ya ukuta kwa misumari miwili. Tuliweka mikanda ya chuma iliyopakwa zinki, kila kenchi imefungwa kwenye nondo za mkanda wa zege, na skrubu za pembeni mwa paa zikawa karibukaribu kuliko za katikati. Gharama yake haikufika laki nne.

Basi mwalimu alichagua geji 28 ya aluzinki, na masharti tuliyomwandikia fundi yalikuwa machache lakini si ya kujadili. Bati likatwe kwa mkasi, si kwa grainda, maana cheche za grainda ni vumbi la chuma linalong'ang'ania juu ya rangi na kuanzisha kutu ndani ya wiki. Kofia isijengewe kwa udongo wa saruji, kwani alumini iliyo kwenye aluzinki inaliwa na saruji mbichi. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zikauke kabisa kabla ya bati kuzigusa, na juu yake iwekwe karatasi ya lami. Upenu ulifunguliwa kwa chini ili mpira wa maji ufike. Kijana wa Dar alipewa slabu yake ndogo juu ya bafu, ndipo lilipokaa simtanki.

Baadaye jamaa yake wa Newala alitaka kuiga uamuzi huohuo, nikamkatalia. Kule juu kwenye tambarare ya Makonde hakuna chumvi ya bahari. Geji 30 iliyoezekwa vizuri nimeihesabia miaka 15 kule, nayo inaezekwa upya mara moja tu ndani ya hesabu: thamani ya leo milioni 7.0, sawa na makuti ya Mikindani, na inachota maji ya mvua mahali ambapo maji ndiyo shida kubwa. Alikuwa amekwisha kulipia nusu ya mabati ya geji 28. Muuzaji alikubali kubadilisha, akakata kidogo.